Video ya Tafakari Isiyomaliza Bando

Je, wajua kwa nini video ya tafakari ya dakika moja humaliza bando, na inawezaje kupunguzwa bila maneno kupotea?

Ukubwa wa video hutokana na idadi ya biti zinazotumika kila sekunde, kisha biti hizo huzidishwa kwa muda wake. Simu nyingi zinaporekodi kwa 1080p hutumia takriban biti milioni 17 kwa sekunde. Tuchukue katekista wa Kayole anayerekodi tafakari ya asubuhi ya sekunde 60: faili lake litafikia karibu MB 127. Zikitengwa biti 500,000 za picha na 64,000 za sauti kwa sekunde, dakika ileile inabaki na takriban MB 4.2.

Punguzo hilo linawezekana kwa sababu kodeki, yaani mfumo unaobana video, haihifadhi kila fremu nzima, bali huhifadhi zaidi yale yaliyobadilika tangu fremu iliyotangulia. Ukuta uliotulia nyuma ya msemaji haugharimu karibu chochote. Mawingu yanayoelea nyuma ya aya, cheche za dhahabu (ambazo wahariri wetu huzipenda mno) na mkono unaotikisa simu hulazimisha kodeki kuchora upya picha karibu yote, hivyo biti chache zilizopo hugawanywa hadi uso wa msemaji ukawa miraba. Kwa hiyo upunguzaji huanza wakati wa kurekodi: simu iegemezwe mahali imara, na aya iandikwe kwa herufi kubwa juu ya rangi moja.

Kwa video ya wima, mwenye kompyuta anaweza kutumia programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf scale=480:-2 -r 25 \
 -c:v libx264 -b:v 500k -pix_fmt yuv420p \
 -c:a aac -ac 1 -b:a 64k ndogo.mp4
```

Amri hii hupunguza upana hadi pikseli 480 na kuunganisha sauti katika mkondo mmoja, jambo lisilodhuru hotuba hata kidogo. Kodeki ya H.265 ingetoa faili dogo zaidi, lakini baadhi ya simu za zamani hushindwa kuicheza, ndiyo maana nimebaki na H.264, ambayo amri inaiita kwa libx264.

WhatsApp nayo huweza kuibana video tena inapowekwa kwenye stetasi au kundi, na kila mbano hula kingo za herufi. Anza daima na faili la asili kutoka kwenye kamera, si nakala iliyokwisha kuzunguka makundini.

Kabla ya kuituma kwa jumuiya nzima, itume kwa mtu mmoja mwenye simu ndogo, kisha mtazame pale msemaji anapogeuza kichwa. Miraba ikitokea usoni, pandisha 500k iwe 700k. Faili litaongezeka kwa takriban MB 1.5. Ikiwa ni aya tu isiyosomeka, kuongeza biti hakutasaidia sana, afadhali uikuze.