Salamu za asubuhi, mchana na jioni: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Kwenye vitabu vya kujifunzia Kiswahili utaikuta ile orodha: asubuhi sema hivi, mchana sema hivi, jioni sema hivi, kila salamu na masaa yake. Orodha yenyewe sio uongo. Shida ni kwamba mtu akiishika hivohivo anatoka nayo barabarani na anaanza kupishana na watu, kila neno lake ni sahihi lakini halijakaa mahali pake, na wenyeji wanamwangalia tu. Na sio wageni peke yao, hata sisi tuliozaliwa na lugha tuna dhana zetu.

Dhana: saa ndo inayoamua salamu

Hii ndo mama wa dhana zote. Watu wanadhani unaangalia saa, unachagua salamu, basi. Ukweli ni kwamba salamu zetu nyingi za wakati zinauliza kuhusu kipande cha muda ambacho kimeshapita. Ukimwambia mtu "umeamkaje?" unamuuliza usiku wake ulikwendaje mpaka kukapambazuka. Ukimwambia "umeshindaje?" unamuuliza mchana wake, tangu asubuhi mpaka hapo mlipokutana. Ndo maana mtu akikuuliza "umeshindaje" saa 4 asubuhi utasikia jibu la utani, "nimeshinda wapi na hata chai sijanywa?" Siku yenyewe haijatumika, sasa unaulizwa habari za kitu gani.

Kwahiyo kipimo sio mshale wa saa, ni kipande gani kimeisha. Kwa kawaida "umeamkaje" na "habari za asubuhi" zinakwenda vizuri mpaka kwenye saa 4, saa 5 hivi. Jua likishakaa utosini watu wanahamia "za mchana". Ikifika alasiri, saa 9 au saa 10, "umeshindaje" inaanza kukaa mdomoni yenyewe, na kuanzia hapo mpaka usiku wa saa 2 au 3 hutakosea ukiitumia. "Za jioni" nayo iko humohumo, tena giza likiingia haikatiki palepale, watu wanaendelea nayo mpaka karibu na kulala. Na kwa kuwa nchi zetu nyingi za Kiswahili ziko karibu na ikweta jua linachomoza na kuzama karibu muda uleule mwaka mzima, mipaka hii haihamihami kama ingekuwa kule ambako kiangazi jua linazama saa 4 usiku. Hata saa zetu tunaanza kuhesabu kulipokucha, saa 1 ni ile ya kwanza baada ya jua kutoka, kwahiyo jua na salamu na saa vinatembea pamoja.

Ukitaka ushahidi kwamba salamu hizi zinauliza kweli na sio pambo, nenda kwenye nyumba yenye mgonjwa. Asubuhi utaulizia "mgonjwa ameamkaje?" na utapewa habari za usiku: homa ilipanda saa 8, akatapika, alfajiri akapata usingizi kidogo. Ukirudi jioni hutauliza tena ameamkaje, utauliza "ameshindaje?" na sasa utaambiwa kama amekula, kama dawa imekaa tumboni, kama amekaa nje kidogo. Maswali mawili, habari mbili tofauti. Ukiuliza ameamkaje saa 11 jioni anayemuuguza atasita, hajui akurudishe kwenye usiku uliopita au akupe za mchana, na kuna atakayeona hukuwa na wasiwasi wowote, umesalimia tu ili upite.

Dhana: "asubuhi njema" na "jioni njema" ni salamu za kukutana

Hapa ndo pamechafuka kabisa na nadhani tuwalaumu watu wa matangazo na zile picha za maua za wasapu. Mtu anaingia ofisini saa 2 asubuhi anasema "asubuhi njema!" halafu anasubiri jibu. Unamjibu nini? "Njema"? "Na wewe pia"? Kila mtu anajibu lake maana hiyo sentensi haikuuliza kitu. Ni dua, ni kumtakia mtu heri ya muda unaokuja, na kumtakia mtu heri ya mbele ni kazi ya kuagana.

Ukikutana na mtu unauliza ya nyuma, ukiachana naye unamtakia ya mbele. Mnakutana: za asubuhi, za mchana, umeshindaje, za jioni. Mnaachana: siku njema, mchana mwema, jioni njema, usiku mwema, mlale salama. Anayekosea vibaya zaidi ni yule anayebisha hodi saa 2 usiku, mlango unafunguliwa, anasema "usiku mwema". Mwenye nyumba anajua umekuja kumuaga. Pale mlangoni sema "za jioni" au "mmeshindaje", usiku mwema uiweke mpaka unavaa viatu.

Za pwani nazo zina mpangilio huohuo wa kukutana na kuachana. Sabalkheri ni ya asubuhi, masalkheri ni ya kuanzia mchana ukishageuka kwenda jioni, na hizi unakutana nazo na mtu, wengine wanajibu "akheri", wengine wanairudisha hivohivo. Alamsiki ni ya kuagana usiku na jibu lake ni binuru. Nimeshaona watu wanaandika alamsiki kufungulia mazungumzo ya jioni eti wanaona ni Kiswahili kizito, wakati wameaga kabla hata hawajakaa.

(Kuhusu "habari za usiku" mtaniwia radhi, hiyo ina nyuso mbili. Asubuhi inauliza ulilalaje, usiku inauliza hali ya sasa hivi. Hapo sikiliza mazingira tu, hakuna kanuni nyingine.)

Dhana: tulishasalimiana asubuhi, inatosha

Haitoshi. Lakini pia sio kwamba unarudia ileile, na hapa ndo unajulikana kama umelelewa na lugha au umeisoma. Mchukue mtu na jirani yake, mama mtu mzima, siku moja tu.

Saa 1 asubuhi wanakutana getini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" "Nimeamka salama, sijui nyie huko." "Na sisi salama." Hapo kila mtu kaenda njia yake. Saa 8 mchana wanagongana dukani. Shikamoo ilishatoka, akiitoa tena sio kosa na kuna wazee wanaipenda, lakini kinachokaa vizuri ni "mama, za tangu asubuhi?" Hilo neno *tangu* lina kazi kubwa, linamwambia mama kwamba nakumbuka tulionana, naulizia kipande cha katikati tu. Angeanza upya na "hujambo mama, habari za siku nyingi" mama angecheka au angemuuliza kama yuko sawa kichwani. Saa 1 usiku anapita kwake kuchukua kitu: "mama, mmeshindaje?" Sasa siku nzima imefungwa kwahiyo inaulizwa siku nzima, na anauliza kwa wingi maana ameingia kwenye nyumba yenye watu, sio kwa mama peke yake. Saa 3 anaondoka: "haya mama, usiku mwema." "Haya mwanangu, uamke salama."

Salamu nne kwa mtu mmoja, hamna hata moja iliyojirudia. Angeruka ile ya jioni kwa hoja ya kwamba walishasalimiana, mama asingesema kitu usoni, ila angejiuliza kuna nini leo.

Dhana: shikamoo ni ya asubuhi

Hapana, haina wakati. Shikamoo inaangalia umri na heshima, inatoka alfajiri na inatoka saa 4 usiku. Kinachofuata wakati ni kile kinachokuja nyuma yake, yaani mtoto akirudi jioni akisema "shikamoo baba", baba atajibu "marahaba, umeshindaje?", na hapo ndo wakati unaingia. Hujambo, salaam aleikum, mambo na vipi za vijana nazo hazina saa. Kama huna uhakika ni mchana au jioni, kimbilia hizo, ila umpime unayemsalimia, maana "mambo" kwa mzee ni kosa la saa zote.

Dhana: "umeamkaje" inamfaa kila mtu asubuhi

Mlinzi wa usiku unampita saa 12 asubuhi unamuuliza umeamkaje. Kaamka wapi huyo na hajalala? Wengi wanajibu "salama" kwa mazoea, lakini ukimwambia "za usiku? pole na lindo" unaona kabisa uso unabadilika. Nesi anayetoka zamu ya usiku hivohivo, huyo muulize "za zamu". Kwa "umeshindaje" ya jioni tatizo halipo sana, maana mtu hata kama mchana alilala amepita tu katika huo mchana, anaweza kukujibu.

Dhana: ukiandika meseji, fuata saa yako

Umetuma "za asubuhi" saa 2, mwenzako anaifungua saa 1 usiku. Hapo hajibu "nzuri, za asubuhi?" kama kasuku, anajibu ya kwako halafu anauliza ya wakati wake: "nzuri, samahani nimeiona sasa, umeshindaje?" Ukiwa na ndugu nchi ya mbali, kwako saa 3 usiku na kwake ndo kwanza saa 8 mchana, salamu inafuata siku ya yule unayemuuliza kwa sababu ni siku yake unayotaka kuijua. Muulize za mchana, yeye atakuuliza umeshindaje, na mkiagana yeye anakwambia usiku mwema wewe unamwambia jioni njema, kila mmoja anapewa kinachomjia mbele.

Na ukikosea? Tusi sio. Ukisema "za asubuhi" saa 7 mchana mtu atakujibu "nzuri, za mchana?" na amekusahihisha kimyakimya, au akiwa mtani atakuuliza "kwani wewe ndo unaamka?" Chukua ile aliyokurudishia uendelee nayo.