Kichwa kinachouma ukikaa baada ya sindano ya mgongo

Kina mama wengi wanaoandaliwa oparesheni ya kujifungua wananiuliza kitu kile kile: "Daktari, si unilaze tu usingizi? Nimesikia hiyo sindano ya mgongo inaleta kichwa kibaya." Kazi yangu ni ganzi na usingizi, na swali hili nalichukua kwa uzito kwa sababu kichwa hicho kipo kweli, na wapo wanaoteseka nacho wodini huku wakiambiwa ni uchovu wa uzazi tu. Ila kukikimbia kwa kuomba nusu kaputi ni kuacha hatari inayotibika na kufuata hatari nzito zaidi, kwa hiyo naanza na hiyo nusu kaputi kidogo halafu nakaa kwenye kichwa.

Mjamzito si mtu wa kulazwa usingizi kirahisi. Homoni zinalegeza mlango wa juu wa tumbo la chakula na mtoto anasukuma kutoka chini, sasa mama akipoteza fahamu, asidi na mabaki ya chakula yanaweza kupanda yakaingia kwenye mapafu, na ndiyo maana tunasisitiza usile kabla ya oparesheni na kabla ya kukulaza tunakupa dawa ya kupunguza asidi. Halafu koo lake limevimba kidogo kwa ujauzito na oksijeni aliyonayo mwilini inaisha haraka, manake akiacha kupumua nina muda mfupi sana wa kuweka mpira kwenye njia ya hewa. Kushindwa kuuweka kwa wanawake wanaojifungua hutokea kati ya mara 1 kwa kila 200 na mara 1 kwa kila 400, na hilo ndilo jambo linalotutia hofu kuliko mengine yote. Gesi ya usingizi pia inalegeza mji wa mimba kwa hiyo damu inaweza kutoka zaidi, na mtoto anaweza kuzaliwa amelegea na kusinzia kwa dawa.

Hata hivyo kuna siku nusu kaputi ndiyo sahihi. Mama anayevuja damu nyingi na presha imeshuka, mwenye kifafa cha mimba ambaye fahamu haijarudi, ambaye damu yake haigandi vizuri au yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye maambukizi pale pale pa kuchoma, au pale ambapo mtoto anakosa hewa na hakuna dakika ya kusubiri ganzi ishike. Hapo sibishani na mtu, nalaza.

Kwa wengine wote naenda mgongoni. Mama anakaa ameinama, natafuta nafasi kati ya pingili za chini ya kiuno, kawaida ya tatu na ya nne, kwa sababu uti wa mgongo wenyewe unaishia juu ya hapo kwa watu wengi na chini yake ni mishipa ya fahamu inayoelea kwenye maji. Sindano inapita ngozi, inapita ligamenti, inatoboa utando mgumu unaoshika maji ya uti wa mgongo, na tone safi kama maji likitoka najua niko penyewe. Napiga dawa ya ganzi, bupivakeini nzito asilimia 0.5, kama mililita 2 hadi 2.5, na dawa ya maumivu ya fentanili kidogo. Ndani ya dakika chache miguu inakuwa mizito na ganzi inapanda hadi usawa wa matiti, hapo ndipo daktari wa upasuaji anaruhusiwa kuanza. Kinachotokea mara nyingi ni presha kushuka ghafla, mama anahisi kichefuchefu na kizunguzungu, kwa hiyo dripu iko tayari, kitanda kimeinamishwa kidogo upande wa kushoto na dawa ya kupandisha presha iko mkononi. Mara chache ganzi inapanda juu zaidi, mikono inakufa ganzi na pumzi inakuwa fupi, na hiyo tunaisaidia kwa oksijeni na ikibidi kwa mashine. Kuumia kwa mishipa ya fahamu moja kwa moja ni nadra sana.

Sasa kichwa. Ule utando nilioutoboa unabaki na tundu dogo, na maji yanaweza kuendelea kupenya kutoka ndani kwenda nje hata sindano ikishatoka. Ubongo unaelea kwenye maji hayo, yakipungua na mtu akasimama, ubongo unashuka kidogo na kuvuta tando na mishipa inayoushikilia, na mishipa ya damu kichwani inatanuka kujaza nafasi. Ndiyo maana maumivu yanakuja ukikaa au ukisimama na yanatulia ukilala. Daktari Mjerumani August Bier, aliyeanzisha ganzi hii mwaka 1898, aliijaribu pia mwilini mwake mwenyewe, maji mengi yakavuja, na akaumwa kichwa siku kadhaa, kwa hiyo tatizo na ganzi vimezaliwa pamoja.

Ukubwa na umbo la sindano ndilo jambo kubwa. Sindano yenye ncha ya kukata inachana utando na kuacha tundu wazi, wakati yenye ncha ya penseli inasukuma nyuzi pembeni na zinarudiana. Kwa penseli nyembamba, yaani ya geji 25 au 27, wanaopata kichwa ni wachache, karibu 1 kwa kila 100, na kwa zenye kukata wanaongezeka waziwazi. Vijana, wanawake na wajawazito wanashambuliwa zaidi, kwa hiyo kundi letu lote liko kwenye hatari. Epidura, yaani ganzi inayowekwa nje tu ya ule utando bila kuutoboa, ni habari nyingine kabisa, sindano yake ni nene sana na ikitoboa utando kwa bahati mbaya, zaidi ya nusu ya kina mama wanapata kichwa.

Nieleze mmoja. Mama wa miaka 26, mtoto wa pili, alichomwa kwa sindano ya kukata kwa sababu za penseli ziliisha, na ilibidi kurudia mara tatu ndipo maji yakaonekana. Oparesheni ikaenda vizuri. Siku ya pili asubuhi akaanza kulalamika kichwa, nesi akampa parasetamoli, na jioni bado kinauma. Nilipofika nilimuuliza kitu kimoja kabla ya yote: "Mama, ukilala chali kinakuaje?" Akasema akilala kinaisha karibu chote, akikaa kumnyonyesha mtoto kinamvamia kutoka mbele hadi kisogoni na shingo inakakamaa, na masikio yanavuma. Ni picha yenyewe kabisa. Lakini sikumaliza hapo, kwa sababu kichwa cha mama aliyejifungua kinaweza kuwa vitu vingine vinavyoua: presha ya ujauzito inaweza kuja hata baada ya kujifungua, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya ubongo, na kuna homa ya uti wa mgongo. Presha yake ilikuwa 118/74, joto 36.8, mkojo hauna protini, haoni maluweluwe, nguvu za mikono na miguu ziko sawa, tena hana usingizi usio wa kawaida. Tukakubaliana ni tundu la mgongoni.

Tulianza na dawa: parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 kwa kuwa figo zake ziko sawa, maji ya kunywa ya kawaida, na kafeini ambayo kwa siku za mwanzo inabana ile mishipa iliyotanuka. Kwa anayenyonyesha tunaishia miligramu 200 hadi 300 kwa siku nzima, maana inapita kwenye maziwa na mtoto anaweza kukosa usingizi. Kumlazimisha mtu alale chali kutwa nzima hakuzuii kichwa, alale kama kunampa nafuu tu, na dripu za kumwaga lita kwa lita hazizibi tundu. Tena kulala sana kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Siku mbili zikapita na bado hawezi kukaa dakika tano. Hapo ndipo nikamwambia kuhusu kiraka cha damu, akashtuka, ni sawa kushtuka kwa kuwa ni sindano nyingine mgongoni. Wazo lilitoka kwa daktari James Gormley mwaka 1960, aligundua kwamba wagonjwa ambao sindano ilitoa damu kidogo hawakupata kichwa kama wengine. Damu ikikaa nje ya utando, inasukuma maji juu mara moja na kisha inaganda juu ya tundu. Tukafanya hivi: mama alilala ubavu, mimi nikaingiza sindano ya epidura karibu na pale palipotobolewa bila kutoboa utando, mwenzangu akatoa damu mkononi mwa mama kwa usafi kamili, nikaisukuma taratibu. Lengo lilikuwa mililita 20, ila kwenye 16 akasema anasikia kubanwa mgongoni, nikaacha papo hapo, manake hicho ndicho kiwango chake. Akalala saa moja na nusu, akakaa, akatutazama, akasema kichwa kimebaki kama kivuli tu. Jioni alinyonyesha ameketi.

Si kila mtu anapona hivyo. Wengine wanapata nafuu nusu na wengine kinarudi na wanahitaji kiraka cha pili. Mgongo unaweza kuuma siku chache, na tunaweza kutoboa utando tena. Mwenye homa au damu isiyoganda hafanyiwi. Kama kiraka hakiwezekani, kuna dawa ya ganzi inayowekwa puani kwa kijiti cha pamba au sindano ya kisogoni, inatuliza kwa muda lakini haizibi chochote. Wengi wasiotibiwa wanapona ndani ya wiki moja au mbili, ila mama mwenye kichanga siwezi kumwambia asubiri wiki mbili akiwa hawezi kukaa.

Kitu ambacho naomba kishikwe na kila anayemhudumia mama nyumbani: kichwa hiki kikibadilika tabia, yaani kikaanza kuuma hata akilala, au kikaja na degedege, kutapika kusikoisha, kuona maluweluwe au mbilimbili, udhaifu upande mmoja, homa, au mama anazubaa na kusinzia, rudini hospitali usiku huo huo. Maji yakivuja kwa muda mrefu mshipa unaweza kukatika na damu ikajikusanya juu ya ubongo, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni hiyo hiyo ya kichwa kuacha kujali kama amelala au amekaa.

Na ukiwa uliwahi kukipata kwenye uzazi uliopita, huna haja ya kukataa ganzi ya mgongo safari hii. Mwambie anayekuchoma kabla hujainama, uliza kama ana penseli ya geji 25 au 27, na kama ulifanyiwa kiraka cha damu mtajie pia, kwani kiraka hakizuii kuchomwa tena.