Kulipa deni na kuwa na rekodi nzuri CRB ni mambo mawili

"Nimelipa, wanifute CRB." Kauli hii imezoeleka sana Kampala, na wapo mawakala wanaochuma pesa kwa kuahidi kufuta majina. Hakuna cha kufutwa. CRB, yaani taasisi ya taarifa za mikopo, hutunza kumbukumbu za mikopo ya kila mkopaji, mzuri na mbaya, na benki inapaswa kuzitazama kabla ya kukukopesha. Uamuzi wa kukupa au kukunyima ni wa benki yenyewe.

Dhana kwamba CRB ni "orodha ya wabaya" ina umri sawa na mfumo wenyewe. Ulipoanza Uganda mwaka 2008 chini ya usimamizi wa Benki Kuu, wakopaji walichukuliwa alama za vidole na kupewa kadi ya fedha, na wengi wakaona wanaandikishwa kama washukiwa. Kumbe shida ilikuwa kumtambua mtu: wakati huo hapakuwa na kitambulisho cha taifa, na mtu aliweza kukopa benki mbili kwa majina mawili. Siku hizi Mganda hutambuliwa kwa NIN, namba yake ya kitambulisho cha taifa. Ndiyo maana kutupa laini ya simu hakuondoi deni lililokopwa kwa laini hiyo.

Tuchukue mfano wa mama muuza nguo wa soko la Owino. Alikopa shilingi 100,000 kwa simu, ada asilimia 9, arudishe 109,000 baada ya siku 30. Laini ikapotea, deni likasahaulika. Siku 90 zilipopita likahesabiwa kuwa mkopo usiolipika. Baada ya miaka miwili anaomba benki milioni 5 za mtaji, ananyimwa. Analipa deni siku hiyohiyo, anarudi wiki inayofuata, ananyimwa tena, na sasa anaamini CRB inamwonea.

Hapo kuna mambo mawili ya kutenganisha. Kwanza, salio. Anayepeleka taarifa ni mkopeshaji, na kwa kawaida hupeleka kila mwezi, kwa hiyo wiki moja baada ya malipo ripoti huenda bado inaonyesha deni. Mama aombe barua ya kumaliza deni, asubiri, kisha aombe ripoti yake mwenyewe na kuangalia kama salio ni sifuri na mkopo umefungwa. Ikiwa bado si sahihi, apeleke malalamiko CRB akiambatisha barua hiyo. CRB haibadilishi kitu kwa kusikia neno lake tu. Humwuliza mkopeshaji, na mkopeshaji ndiye anayetuma marekebisho. Njia hiyohiyo hutumika kwa mkopo ambao mtu hakuuchukua kamwe.

Pili, historia. Hata salio likiwa sifuri, ripoti itaendelea kuonyesha kwamba mkopo ule ulichelewa sana. Hilo ni kweli tupu, na ukweli haupingwi kwa malalamiko. Dawa yake ni kuufunika kwa mikopo mipya iliyolipwa vizuri, na hapa ndipo wengi hupotea. Mama huyu amekopa na kulipa kwa miaka kwenye kikundi cha akiba cha sokoni, bila kuchelewa hata mara moja, lakini daftari la kikundi halisomwi na benki yoyote. Mkopeshaji wa mtaani naye, mara nyingi, haripoti. Kabla ya kukopa ili ujenge rekodi, uliza swali moja: je, mnapeleka taarifa CRB? Ziko SACCO zinazopeleka na zisizopeleka.

Akipata inayopeleka, achukue mkopo mdogo wa miezi kadhaa ambao biashara inaumudu hata mwezi mbaya, alipe kila awamu kabla ya tarehe, ndipo aombe mkubwa zaidi. Asikimbie benki tano kwa wiki moja, kwa sababu kila benki inayofungua ripoti yake huacha alama ya ombi, na maombi mengi kwa pamoja humfanya aonekane amebanwa.

Faida ya rekodi nzuri iko kwenye riba. Tuseme anahitaji milioni 1 kwa mwaka. Kwa mkopo wa simu wa asilimia 9 kila mwezi, bila kupunguza deni la msingi, atalipa 1,080,000 za ada peke yake. Benki ikimtoza asilimia 20 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, akilipa kila mwezi, riba yote itakuwa kama 112,000. Rekodi nzuri peke yake haimpi mkopo huo, maana benki itauliza pia kipato na dhamana, lakini rekodi mbaya humzuia kabla maswali hayo hayajafikiwa.

Na yule asiyewahi kukopa popote, anayejisifu kwamba jina lake ni safi CRB? Pole yake, ndugu yangu. Ripoti yake ni tupu, na afisa wa mikopo hana cha kusoma humo.