Doa kwenye karatasi halipimi mafuta yaliyomo kwenye donati

Dhana: Karatasi ikilowa sana, donati ina mafuta mengi, ikibaki safi, haina.

Ukweli: Doa ni mafuta yaliyotoka, na yaliyobaki ndani hayaonekani hapo. Donati ikiwa bado kwenye karai, mvuke unatoka kwa nguvu (ndiyo yale mapovu) na kuyazuia mafuta yasiingie. Ukishaiopoa inaanza kupoa, mvuke uliomo kwenye vitundu vyake unageuka maji, na nafasi inayoachwa inavuta mafuta yaliyoshika juu ya ganda. Mengi huingia katika dakika hizo chache. Kwa hiyo donati iliyowekwa kwenye karatasi ikiwa ya moto huichafua kwelikweli, kumbe ndiyo iliyopunguziwa mafuta. Iliyokaa kwenye sinia robo saa kwanza haiachi doa la maana, kwa sababu imeshayanywa.

Na si kila doa ni mafuta. Sambusa yenye vitunguu vingi hutoa maji pia. Iache karatasi ikauke, kisha iinue kwenye mwanga: doa la maji litakuwa limepotea, la mafuta litabaki likipitisha mwanga.

Dhana: Inayong'aa ina mafuta kuliko isiyong'aa.

Ukweli: Mng'ao ni utando wa juu tu. Donati ya moto hung'aa, ikipoa hufifia, na mafuta hayajaenda popote ila ndani.

Dhana: Iliyoiva hadi kuwa kahawia nzito imelewa mafuta.

Ukweli: Rangi hutokana zaidi na sukari, maziwa na joto. Unga wenye sukari nyingi huwahi kuwa kahawia, hata kabla ya katikati kuiva. Iliyopauka ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi: mara nyingi mafuta hayakuwa ya moto vya kutosha, ikakaa karaini muda mrefu.

Ukitaka makadirio ya kweli, mizani. Tuseme karai na mafuta, kabla ya kuwasha moto, vina gramu 2,500. Unakaanga donati 20, unasubiri vipoe, unapima tena: 2,340. Zimeondoka gramu 160. Karatasi zilizopimwa kabla na baada zimeongezeka gramu 20. Zinabaki 140, yaani gramu 7 kwa kila donati. Kama donati moja iliyoiva ina gramu 45, mafuta ya kukaangia ni kama asilimia 16 ya uzito wake. Siagi uliyokandia unga haimo kwenye hesabu hiyo.

Kupima donati yenyewe kabla na baada hakusaidii, maana inapoteza maji huku ikipokea mafuta. Sambusa za nyama nazo huharibu hesabu ya karai: mafuta ya nyama yakivuja, karai litaonekana limepungukiwa kidogo kuliko lilivyopungukiwa kweli.