Ukipiga prependi, bado anayeamua njia ni mwingine

Kuna sentensi moja naisikia sana kwa wanaosimamia mitandao ya kampuni na vyuo: "Laini ya B tumeipiga prependi tatu, kwa hiyo ni bekapu tu." Siku mbili baadaye mtu huyohuyo anauliza kwa nini hiyo "bekapu" inajaa kila jioni. Shida haiko kwenye ruta yake, iko kwenye hilo neno "kwa hiyo".

Maana yenyewe ni fupi. Kila tangazo la BGP, lugha ambayo mitandao hutumia kuambizana njia za kufikia anwani, hubeba orodha ya namba za mitandao ambako limepita, yaani namba za AS, na orodha hiyo huitwa `AS_PATH`. Kati ya njia mbili za kufikia anwani zilezile, mengine yote yakiwa sawa, yenye orodha fupi ndiyo hupendelewa. Kupiga prependi ni kuirudia namba yako mwenyewe mara kadhaa kwenye tangazo unalompa mtoa huduma mmoja, ili njia inayopita kwake ionekane ndefu na watu waje kwako kupitia yule mwingine. Inahusu trafiki inayoingia peke yake. Inayotoka unaiamua wewe, na hii haiigusi.

Tuchukue kampuni ya Dar es Salaam yenye namba ya AS 64500 na fungu la anwani 203.0.113.0/24 (namba zote hapa ni zile zilizotengwa kwa ajili ya mifano). Ina laini ya Gbps 1 kwa mtoa huduma A, AS 64501, na laini ya Mbps 100 kwa B, AS 64502. Inataka trafiki yote iingie kwa A, na B abaki wa dharura. Kwenye tangazo la kwenda B wanaweka:

```
route-map KWENDA-B permit 10
 set as-path prepend 64500 64500 64500
```

Sasa mtandao wa mbali unaona `64501 64500` upande wa A, hatua mbili, na `64502 64500 64500 64500 64500` upande wa B, hatua tano. Hesabu inaonekana imekwisha, lakini B anaendelea kuleta trafiki.

Sababu ni kwamba urefu wa njia si swali la kwanza ambalo ruta hujiuliza. Kabla yake kuna `LOCAL_PREF`, namba ambayo kila mtandao hujipangia wenyewe kuonyesha njia inayoupendeza zaidi, na haitoki nje ya mtandao huo. Kwa kawaida watoa huduma huipanga kwa kufuata pesa: njia ya mteja anayewalipa huwa juu, tuseme 200, ya jirani wanayebadilishana naye trafiki bila malipo hufuata, tuseme 150, ya mtoa huduma mkubwa ambaye wao ndio wanamlipa huwa chini, 100. Kampuni yetu ni mteja wa B. Hata kama B anazisikia anwani zetu kupitia A kwa njia fupi zaidi, zile alizozisikia kwetu zina 200, na mjadala unaishia hapo. Urefu hata haulinganishwi.

Na ruta ya B hutangaza kwa wengine ile njia iliyoichagua tu. Mteja wa B asiye na mtoa huduma mwingine hana pa kuchagua: atapita kwa B, uwe umepiga prependi tatu au kumi na tatu. Hali ni hiyohiyo kwa mtandao unaokutana na B kwenye kituo cha kubadilishana trafiki, kama TIX pale Dar es Salaam, lakini haukutani na A. Kwake B ni jirani wa bure, na njia ya A inakuja kwa laini anayoilipia. Atachagua ya bure, iwe ndefu namna gani.

Kwa hiyo wanaoitikia prependi ni wale tu ambao kwao njia zote mbili zina `LOCAL_PREF` sawa, kwa kawaida mitandao ya mbali inayowasikia A na B kupitia aina moja ya uhusiano. Wanaweza kuwa wengi, wanaweza kuwa wachache. Ndiyo maana kusema "nitapiga prependi mbili ili B abebe asilimia thelathini" hakuna msingi. Hakuna kipimo cha asilimia humo ndani. Ukiongeza moja, kundi zima la mitandao linaweza kuhama kwa mkupuo, au asihame yeyote. Njia nyingi za intaneti zina hatua nne au tano hivi, kwa hiyo kama tatu za kwanza hazikusogeza kitu, ya kumi haitasogeza. Itakachofanya ni kuiacha njia yako dhaifu: mwingine akitangaza anwani zako kimakosa, atakushinda kwa urahisi.

Nakaa kidogo kwenye kosa la kuandika amri, maana madhara yake hujificha. Kwenye ruta za Cisco, `prepend` husubiri namba za AS, si idadi ya mara. Anayeandika `set as-path prepend 3` hajarudia namba yake mara tatu. Ameibandika AS 3, ambayo ni ya chuo cha MIT cha Marekani, kwenye mwisho wa njia, kana kwamba anwani zimetokea huko. Kama umezisajili anwani zako kwenye RPKI, mfumo unaothibitisha ni AS ipi inaruhusiwa kuzitangaza, mitandao inayokagua chanzo italitupa tangazo hilo. Utaona trafiki ya B imeshuka na utafurahi kwamba "imekubali". Siku A atakapokatika ndipo utagundua sehemu ya dunia haikuoni kabisa. Kwenye Mikrotik mambo ni kinyume: pale huandikwa idadi. Februari 2009 mtandao mmoja wa Ucheki, AS 47868, uliandika namba yake mahali pa idadi. Nafasi ile hubeba baiti moja, na 47868 ukiigawa kwa 256 hubaki 252. Tangazo likaenda duniani likiwa na namba hiyo mara 252, na ruta nyingi za zamani zikashindwa kulimeza, miunganiko yao ya BGP ikawa inakatika na kurudi.

Turudi kwa B. Kinachomfanya awe wa dharura kweli ni kumfikia kwenye hiyo `LOCAL_PREF` yake, na watoa huduma wengi wameacha mlango: lebo ya komyuniti unayoibandika kwenye tangazo, desturi iliyoelezwa kwenye RFC 1998 ya mwaka 1996. Tuseme B amepanga kwamba `64502:80` maana yake ni "nipe 80":

```
 set community 64502:80 additive
 neighbor 198.51.100.1 send-community
```

Mstari wa kwanza unaingia kwenye `route-map` ile, wa pili kwenye mipangilio ya BGP. Huo wa pili husahaulika mno, na bila huo lebo haitoki kwenye ruta. Ikifika, B mwenyewe atapendelea kupita kwa A, na wateja wake watamfuata. A akikatika, njia yenye 80 ndiyo iliyobaki, na inafanya kazi. Namba za lebo hutofautiana kwa kila mtoa huduma, zake utaziomba kwake. Kisha angalia matokeo kwenye ruta ya umma iliyo ndani ya mtandao wa B, siyo kwenye ruta yako.

Basi, ndugu yangu wa prependi tatu, prependi zako ziache, hazina ubaya. Ila kwenye karatasi ya makabidhiano usiandike "B ni bekapu". Andika "mitandao inayolinganisha urefu itapita kwa A, wateja na majirani wa B bado wanapita kwa B", na chini yake uandike lini utamuuliza B kuhusu komyuniti.