Maksai wa Juni na maksai wa Oktoba

Kwa familia nyingi za Longido, Monduli na Simanjiro, akiba iko zizini. Ina faida ambayo benki haiwezi kuilipa. Mbuzi jike wetu wa kienyeji hubeba mimba miezi mitano na akitunzwa vizuri huzaa mara tatu katika miaka miwili. Majike kumi yakikuletea watoto kumi na wawili kwa mwaka, ukipoteza watatu kwa magonjwa na fisi, umebaki na tisa, pamoja na maziwa. Ng'ombe huenda polepole zaidi: mtamba huku malishoni huzaa mara ya kwanza akikaribia miaka minne.

Udhaifu wa akiba hii ni kwamba ukame huishusha pande zote kwa mpigo. Mnyama hupungua uzito, bei ya kila kilo huanguka kwa sababu kila mtu amepeleka mnadani wiki ileile, na mahindi unayotaka kununua hupanda. Katika ukame wa 2008 na 2009, wilaya hizi zilipoteza mifugo mingi sana, na sehemu kubwa ya hasara ile ilikuwa wanyama ambao miezi michache kabla wangeuzika.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa mwaka ufanyike mwishoni mwa Mei, masika yanapokatika. Usisubiri ng'ombe waonyeshe mbavu. Tembea malishoni na kwenye alalili, yaani malisho yaliyotengwa kwa kiangazi, ujiulize kama majani yaliyopo yatafika Novemba, mvua za vuli zinapotarajiwa. Hiyo ni miezi sita. Kama mvua ilikatika mapema na majani hayakutoa mbegu, jibu ni hapana, na kuna wanyama wa kuuza Juni.

Tuchukue mfano wa familia yenye maksai mmoja wa kilo 300 na ng'ombe watatu wa kuzaa. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Weka za mnada wako. Juni maksai amenona, na kwa shilingi 3,000 kwa kilo anatoa 900,000. Robota la nyasi kavu la kilo 15 likiwa shilingi 5,000, fedha hiyo inanunua marobota 180, yaani kilo 2,700. Ukiwapa ng'ombe wale watatu kilo 5 kila mmoja kwa siku, zinatosha siku 180. Hawatanenepa, lakini watafika kwenye mvua wakiwa hai.

Sasa mpeleke maksai huyohuyo Oktoba. Amebaki na kilo 220, mnunuzi anatoa 1,800 kwa kilo, unapata 396,000. Robota nalo limefika 8,000. Unapata marobota 49, ambayo kwa ng'ombe wale watatu ni chakula cha siku 49 tu. Na hapo nimechukulia kwamba maksai aliweza kutembea hadi mnadani kwa miguu yake.

Wa kwanza kuuzwa ni maksai na madume yaliyokomaa, kwa kuwa hayaongezi kundi na hula kuliko wengine. Wanafuata ng'ombe wazee waliopitisha misimu miwili bila kuzaa. Mitamba na majike wachanga waache kabisa, maana baada ya mvua kila mfugaji huwatafuta na bei yao huruka. Ndiyo sababu sishauri kuuza kundi lote, hata ukame ukiwa mkali.

Kwa mahitaji madogo, kama dawa au sare za shule, uza mbuzi, usivunje ng'ombe. Beberu aliyenona mpeleke mnadani kabla ya Iddi el-Hajj au Krismasi, wanunuzi wanapokuwa wengi. Kipimo ninachokiamini kuliko bei yenyewe ni debe ngapi za mahindi mbuzi mmoja ananunua. Idadi ikishuka minada mitatu mfululizo, soko limeanza kugeuka, hata kama malisho karibu na boma lako bado yanaonekana mazuri.

Fedha ya maksai isikae nyumbani, kwa sababu huyeyuka kwa madeni na michango. Nunua nyasi wiki hiyohiyo zikiwa bado rahisi, uzihifadhi juu ya vichanja, chini ya paa, mchwa na umande visizifikie. Inayobaki iende VICOBA au kwenye akaunti.

Vuli ikinyesha, usikimbilie kununua ng'ombe wiki ya kwanza. Anza na mbuzi majike, watakaozaa mapema. Kila mnyama wa mnadani mtenge na kundi kwa wiki tatu, ukiangalia kikohozi, makamasi na kuhara, kwa sababu homa ya mapafu na sotoka ya mbuzi husafiri sana wakati huu, wanyama wa kila upande wanapokutana mnadani.