Akaunti ya Matangazo Ikifungwa, Usikimbilie Kufungua Nyingine

Katika wiki za karibuni, wafanyabiashara wengi wanaofika kwenye dawati letu hapa Kisumu wamekuwa na lalamiko moja: akaunti ya matangazo ya Facebook imefungwa, oda zimekauka. Karibu kila mmoja huwa ameshafungua akaunti ya pili, na wengine ya tatu, kabla ya kutufikia. Makala haya yanawahusu hao hasa, na wale ambao hawajafungiwa lakini wanaelekea huko.

Nitangulize jambo moja ili tusilaumiane baadaye. Ofisi yetu haina ufunguo wa akaunti ya mtu yeyote. Anayefunga na anayefungua ni Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, kwa kanuni zake yenyewe. Sisi tunachofanya ni kukaa nawe, kusoma ulichoandikiwa na kukuelekeza namna ya kukata rufaa. Huduma hiyo ni ya bure.

Nitaeleza kisa cha mama mmoja wa Kondele anayeuza sabuni na mafuta ya ngozi. Ameturuhusu kukisimulia bila jina lake. Alikuwa akilipia tangazo shilingi 400 kwa siku, na wateja walikuwa wanampigia hadi kutoka Siaya na Busia. Tangazo lenyewe lilikuwa na picha mbili za uso uleule, mmoja wenye madoa na mwingine laini, na maneno haya: "Je, una madoa usoni? Yatatoweka kwa siku saba." Lilikataliwa. Akalinakili jinsi lilivyo, akalituma tena. Likakataliwa. Alilirudisha mara nne katika wiki mbili, akiamini kwamba mtandao ulikuwa na hitilafu. Baada ya mara ya nne, akaunti nzima ya matangazo ikafungwa.

Mpwa wake akataka kumsaidia. Akafungua akaunti mpya ya matangazo kwa jina lake mwenyewe, akaiunganisha na ukurasa uleule wa duka, akaweka kadi ileile ya malipo na kutuma tangazo lilelile. Haikumaliza siku. Na safari hii haikufungwa akaunti ya matangazo peke yake, bali hata wasifu wa kijana huyo ulizuiwa kutangaza chochote.

Walipofika kwetu, mama alisema, "Mwanangu, Facebook wamenifungia kila kitu." Hapo ndipo penye kosa ninalolisikia kila siku, na naomba lisikilizwe vizuri. Si kila kitu kilikuwa kimefungwa. Kwenye Facebook kuna vitu vinne tofauti: wasifu wako binafsi, ukurasa wa biashara, akaunti ya matangazo, na jalada la biashara linalovishika pamoja. Kila kimoja kinaweza kuzuiwa peke yake, na kila kimoja kina rufaa yake. Tena kukataliwa kwa tangazo moja si kufungwa kwa akaunti. Ukiona neno Rejected kando ya tangazo, limekataliwa hilo tu. Lirekebishe, au uombe likaguliwe upya ikiwa unaamini halina kosa. Kulirudisha bila kubadilisha hata neno moja ni kujiongezea makosa katika rekodi yako.

Ili kujua ni kipi kilichozuiwa, ingia kwa wasifu wako kwenye facebook.com/business-support-home. Utaona orodha ya akaunti na kurasa zako, na chenye tatizo kimewekewa alama. Kibonyeze usome sababu hadi mwisho. Nasisitiza hadi mwisho, kwa sababu wengi wanaotujia hawajaisoma kabisa. Wamesoma kichwa cha ujumbe, wakapandwa na hasira, wakafunga simu.

Kwa mama huyu ukurasa wa duka ulikuwa mzima na wasifu wake ulikuwa mzima. Kilichofungwa ni akaunti yake ya matangazo, pamoja na wasifu wa mpwa. Sababu hazikufanana. Kwa mama ilikuwa kukiuka kanuni za matangazo mara kwa mara. Kwa kijana ilikuwa kujaribu kuukwepa mfumo, na hilo huhesabiwa kuwa kosa zito zaidi ya lile la kwanza. Meta huunganisha akaunti kwa kadi, kwa ukurasa, kwa simu na kwa picha zilizotumika. Akaunti mpya inayobeba alama za ile iliyofungwa husomeka kama mtu aliyefukuzwa mlangoni akaingilia dirishani. Adhabu hupanda ngazi: tangazo, halafu akaunti, halafu wasifu, halafu jalada zima la biashara pamoja na kila kilichomo.

Kabla ya kubonyeza chochote tulitengeneza mambo mawili.

La kwanza lilikuwa deni. Alilipa matangazo kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, ambayo huchota pesa moja kwa moja kwenye salio la M-Pesa. Meta humkata mteja gharama zikifika kiwango fulani, saa yoyote, hata usiku wa manane. Salio lake lilikuwa limeisha, malipo yakagonga mwamba, na shilingi 1,140 zikabaki zinadaiwa. Tulilipa kupitia sehemu ya malipo ya akaunti hiyo. Kumbuka kuwa ile namba ya siri ya tarakimu tatu ya GlobalPay huisha muda baada ya dakika 30, kwa hiyo iombe upya unapokuwa tayari kuitumia. Kuna watu ambao deni ndilo tatizo lao lote: ujumbe unataja malipo tu, na wakilipa akaunti hurudi bila rufaa. Wewe soma ujumbe kwanza.

La pili lilikuwa jina. Wasifu wake binafsi ulikuwa na jina la duka, la biashara na la mtaa, halina hata herufi moja ya jina la kwenye kitambulisho. Rufaa nyingi hufika mahali pa kuthibitisha kwamba wewe ni wewe: kwanza tarakimu zinazotumwa kwa simu, kisha picha ya kitambulisho au pasipoti. Kitambulisho kikisema hivi na wasifu ukisema vile, uthibitisho hukwama hata kama huna kosa lingine. Tulibadilisha jina la wasifu lifanane na kitambulisho. Fanya hivyo kwa uangalifu, maana ukishabadilisha, huwezi kubadilisha tena mpaka siku 60 zipite. Jina la duka lina mahali pake, nalo ni kwenye ukurasa wa biashara.

Picha ya kitambulisho ipigwe mchana kwenye meza isiyong'aa, kona zote nne zionekane, bila mwako wa kamera. Iwe ya kadi yenyewe, isiwe ya fotokopi. Na kiwe kitambulisho chako. Kutumia kitambulisho cha mtu mwingine kujifanya yeye ni kosa chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Nalitaja kwa sababu tumeshaulizwa waziwazi kama kitambulisho cha jirani "kitakubali". Usithubutu.

Ndipo tukabonyeza Request review. Palipo na nafasi ya maelezo, usiandike jinsi biashara ilivyoanguka au jinsi karo ya watoto inavyokusumbua. Ni kweli na inauma, lakini mkaguzi anatafuta jambo moja: kosa limeeleweka na limeondolewa? Mama aliandika hivi, kisha tukamsaidia kuweka kwa Kiingereza: "Ninauza sabuni na mafuta ya ngozi Kisumu. Matangazo yangu yalikuwa na picha za kabla na baada, na ahadi ya matokeo kwa siku saba. Nilirudia kuyatuma bila kurekebisha. Nimeyaondoa, nimelipa deni, na matangazo yajayo yataonyesha bidhaa na bei tu." Sentensi nne. Kama una hakika hukukosa, sema hivyo pia, na utaje tangazo lenyewe na kwa nini unaona liko sawa.

Kutoka hapo ni kungoja. Jibu huweza kuja kwa siku mbili, na wakati mwingine hupita wiki. Usiendelee kubadilisha kadi au kuingia kwa simu za watu mbalimbali huku ukingoja.

Ni kipindi hichohicho matapeli humfikia mtu. Utapata ujumbe kwenye Messenger kutoka kwa ukurasa wenye nembo ya Meta, ukidai ukurasa wako utafutwa usipobonyeza kiungo fulani. Au kijana wa mtaani atakuambia ana mtu wake ndani ya Facebook, umpe nenosiri na elfu tano. Hakuna mtu wa ndani. Barua pepe za kweli zimeorodheshwa kwenye mipangilio ya akaunti yako, sehemu ya nenosiri na usalama, palipoandikwa Recent emails. Isiyokuwepo hapo usiijibu. Ulaghai wa kuiba nenosiri kwa njia hiyo ni kosa chini ya kifungu cha 30 cha sheria ileile, faini hadi shilingi 300,000 au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ukishatapeliwa, piga ripoti polisi ukiwa na picha za mazungumzo na ujumbe wa M-Pesa wa malipo hayo.

Akaunti ya mama ilifunguliwa siku ya tatu. Ya mpwa wake haikufunguliwa. Rufaa yake ilikataliwa, kitufe kikaondoka, na uamuzi ukawa wa mwisho. Tulimweleza hivyohivyo bila kumpa matumaini yasiyokuwepo.

Tangazo jipya la mama lina picha ya kipande cha sabuni juu ya kitambaa cheupe, na maneno haya: "Sabuni ya mwarobaini kwa ngozi yenye mafuta. Shilingi 150. Tunaleta hadi Kondele, Manyatta na Nyalenda." Linganisha na lile la kwanza. Lile lilimnyooshea msomaji kidole: wewe una madoa. Kanuni za Meta zinakataa tangazo linalodai au kudokeza kwamba linajua ugonjwa wa msomaji, dini yake, kabila lake au hali yake ya kifedha. Kwa hiyo hata "Umelemewa na madeni?" au "Una kisukari?" ni hatari, hata ukiwa na nia njema. Taja bidhaa, usimtaje msomaji.

Malipo nayo ameyapanga. Anaweka pesa za tangazo za siku tatu kwenye M-Pesa kabla ya kuliwasha, na bajeti anaipandisha kidogokidogo, kutoka 400 hadi 500, wala si kuruka hadi 5,000 kwa siku moja. Mtu anayemtengenezea matangazo, ambaye yuko Nakuru, hapewi tena nenosiri. Ameongezwa kwenye akaunti kwa wasifu wake mwenyewe, kwa ruhusa ya kushughulikia matangazo tu, naye mama amewasha uthibitisho wa hatua mbili. Awali walikuwa wakiingia kwa nenosiri moja kutoka miji miwili ndani ya saa moja, na kwa mfumo hiyo ni sura ya akaunti iliyoibwa.

Ukija kwetu, njoo na simu inayopokea ujumbe wa namba iliyosajiliwa kwenye Facebook, kitambulisho chako halisi, na picha ya ujumbe uliofunga akaunti. Kama umeshafungua akaunti ya pili, tuambie mwanzoni kabisa.